Stika ya nyuma ya paneli

Mwaka 2021 shemeji yangu alikuwa anafungua kinyozi kijijini huko Sikonge, sehemu ambayo nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika, na mimi ndo niliyekuwa Tabora mjini kwenye mtandao wa uhakika, kwahiyo kazi ya kutafuta paneli ya sola ikawa yangu. Betri ya volti 12 alikuwa nayo, chaji kontrola ya amp 20, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, alishanunua, na fundi wake alishapiga hesabu za mashine za kunyolea, taa, redio na kuchajia watu simu akasema isipungue wati 300.

Nikakuta insta dada mmoja wa Dar kaposti "paneli wati 300, ofa", bei iko chini sana ukilinganisha na madukani kwetu. Kaweka picha ya mbele, picha ya paneli zikiwa zimepangwa dukani na picha moja ya nyuma. Mi hiyo ya nyuma ndo nilikuwa naitaka, maana kule ndo kuna stika yenye vipimo vyote, lakini imepigwa kutoka mbali afu flashi imegonga katikati ya stika ikaacha doa jeupe. Ukiivuta unaona 300W ya maandishi makubwa na chini yake Vmp 18V kwa taabu, mstari unaofuata wa Imp ni ukungu mtupu, na mimi shida yangu ilikuwa hapohapo kwenye Imp.

Iko hivi. Wati za paneli ni volti mara amp, basi. Vmp ni volti paneli inapofanya kazi kwa nguvu yake yote na Imp ni amp zake muda huohuo, ukizidisha hizo mbili lazima upate Pmax, yaani zile wati zilizoandikwa juu kwa maandishi makubwa. Paneli ya volti 18 ikiwa kweli ni wati 300 basi Imp yake itakuwa kama 16.67, ikija pungufu sana ya hapo ujue hiyo 300 ni maandishi tu. Na kuuziwa nusu siyo kwamba taa zitawaka kidogo, hapana, betri inatumika mchana kutwa haijai, inalala nusu kila siku, na hizi betri za risasi zikizoea kulala bila kujaa zinakufa mapema, kwahiyo hasara inahamia kwenye betri ambayo ni ghali.

Chini ya tangazo watu walishaanza kumtukana, mara tapeli, mara weka picha ya maana. Sikupenda kabisa, maana muuzaji wa rejareja kapewa mzigo na mtu wa jumla na stika imekuja imebandikwa, na mtu ukimuanza kwa tuhuma anakublok na huipati hiyo picha wala paneli. Nikamfuata wasap nikaandika hivi:

"Habari za asubuhi dada, pole na kazi. Nimeona ile paneli ya wati 300 uliyoposti jana, naihitaji kwa ajili ya kinyozi, mimi niko Tabora. Samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie picha ya stika ya nyuma isomeke vizuri, hasa mistari ya Pmax, Vmp, Imp, Voc na Isc, nataka nijue kama itaendana na kontrola tuliyonayo ya amp 20. Ukiweza ipige kivulini bila flashi, usisogeze simu karibu sana, gusa skrini pale kwenye maandishi kwanza ndo upige, halafu nitumie kama dokumenti. Na kama una tepu hapo naomba urefu na upana wa paneli yenyewe. Ikiendana nalipia leo pamoja na nauli ya mzigo. Asante sana dada yangu."

Niliandika yote hayo kwa makusudi. Ukimwambia mtu "tuma picha kali" tu atapiga tena vilevile na flashi yake, stika inang'aa, mwanga unarudi kwenye kamera na namba zinafutika. Akisogeza simu karibu mno kamera inashindwa kukamata maandishi yanabaki na ukungu, bora arudi nyuma kidogo mimi nitaivuta mwenyewe. Dokumenti ni kwa sababu wasap ikituma kama picha ya kawaida inaibana, namba ndogo zinaharibika, ila kwenye dokumenti inakuja kama ilivyopigwa. Na ile ya kontrola nimeitaja aelewe nauliza kwa sababu ya kazi, simpimi uaminifu.

Akajibu kwa voisi, "kaka si imeandikwa wati 300 hapo jamani", nikamwambia nimeiona dada, ila fundi anataka amp. Mchana akatuma, na alipiga vizuri kweli, alifuta hadi vumbi, unaona mpaka ukingo wa stika ulivyonyanyuka kona moja. Pmax 300W, Vmp 18.0V, Imp 8.33A, Voc 21.6V, Isc 8.95A. Chini kaandika sentimita 148 kwa 67.

18 mara 8.33 ni kama 150. Yaani stika inajikanusha yenyewe, juu 300 chini nusu yake. Nikaenda na vipimo vya tepu, 148 kwa 67 ni kama mita moja ya mraba, na paneli zinapimwa kiwandani kwa mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, hizi za madukani zinageuza kama moja ya tano hivi kuwa umeme, kwahiyo eneo lile hata ingekuwa paneli nzuri sana ingetoa 200 na kidogo. 300 haiwezekani.

Nikamuandikia, "Dada asante sana kwa picha, imesomeka vizuri. Naomba uzidishe Vmp na Imp hapo kwenye stika uone, inakuja 150. Nadhani mzigo ulikuja hivyo kutoka kwa wa jumla, siyo wewe." Akakaa kimya hadi jioni. Aliporudi alikuwa kashaongea na aliyempa mzigo, hakusema waliongea nini, akasema tu kaka hizi ni 150 na bei nimeshusha, tangazo pia nimebadilisha, unachukuaje.

Nikachukua mbili. Fundi alikubali haraka, ukiziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi volti zinabaki 18 na amp zinajumlishwa, Isc, yaani amp za juu kabisa paneli inazoweza kutoa, kwa zote mbili ni 17.9, bado ziko chini ya zile 20 za kontrola. Kabla hazijafungwa nikaomba picha za stika za hizo mbili zenyewe zinazokuja kwangu, akatuma bila neno, kama dokumenti tena.

Zilifika Tabora salama, shemeji akazifuata. Siku fundi anazifunga ilikuwa mwezi wa tisa jua la huku mnalijua, saa saba mchana akapima waya unaoingia kwenye kontrola akanipigia, amp 14. Hiyo ni haki yake, namba za stika ni za ule mwanga wa kiwandani, huku nje mara nyingi zinakuja pungufu kidogo. Nikamtumia yule dada picha ya mita, akaomba aiposti kwenye ukurasa wake, nikamwambia posti tu.