Jina sawa, bei tofauti

Leo jioni hapa Kisumu, mwenzangu wa ofisini aliniomba nihakiki barua pepe ya zabuni kabla hajaituma.

Maandishi yalitaja `Bei_Zabuni.pdf`, na faili lilikuwa na jina hilohilo.
Nilipolifungua kutoka ndani ya rasimu yenyewe, wala si kwenye folda, jumla ilisomeka shilingi 468,000, ilhali barua ilisema 486,000.

Alikuwa ameliambatisha kabla ya kulisahihisha, na kiambatisho ni nakala ya wakati ule: ukihariri faili la kwenye kompyuta baadaye, kilichomo kwenye barua hakibadiliki.
(Onyo la kusahau kiambatisho lisingemsaidia, kwa kuwa faili lilikuwapo.)

Tuliliondoa, tukaambatisha lililosahihishwa, tukalifungua tena papo hapo.

Ninyi wenzangu, kiambatisho huwa mnakikagulia wapi?