Kalamu ya Kijani

Jana binti yangu alikuwa anatafuta rula kwenye mtoto wa meza, akaibuka na bahasha ya kaki iliyojaa vipande vya karatasi. "Mama, kwa nini umezikata barua za watu?"

Si barua. Ni maneno ya walimu wanane wa sayansi wa huku Pemba, niliowahoji wakati ule wa utafiti wangu, na yale mabaka ya kijani yaliyofifia ni ya usiku mmoja Wete.

Mahojiano yenyewe yalikwenda vizuri. Kuyanukuu ndiko kulikonila siku zangu, kwani saa moja ya mazungumzo ilitaka saa sita za kusikiliza, kurudisha nyuma na kuandika. Kisha nikaanza kuweka misimbo: kila kauli yenye jambo naipa lebo fupi pembeni, halafu naikata na kuilaza kwenye mkeka pamoja na wenziwe.

Usiku huo fungu moja lilikuwa limeyashinda yote. Vipande 41 vilikuwa chini ya lebo "changamoto ya lugha". Nikaona dhamira yangu kuu nimeshaipata, kwa sababu tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ielekeze hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, nani asingetarajia hivyo?

Shoga'ngu, ambaye naye ni mwalimu, alikaa kitako ukingoni mwa mkeka akaokota kipande kimoja. Akakisoma kwa sauti: "Changamoto ipo, lakini tunajitahidi." Akakigeuza nyuma, kama anayetafuta kitu.

"Ulimuuliza nini?"

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimekata majibu peke yake, maswali yangu yamebaki kwenye nakala nzima. Tukazitoa nakala. Nikashika kalamu ya kijani nikawa napaka kila mahali neno "changamoto" lilipotoka kinywani mwangu mimi. Kurasa zikawa kijani. Mwongozo wangu wa maswali ulikuwa na hili: "Unakabiliana vipi na changamoto ya kufundisha sayansi kwa Kiingereza?" Katika mahojiano sita kati ya manane, mimi ndiye niliyelitamka neno hilo mwanzo. Walimu walilipokea kwa adabu wakanirudishia.

Nakumbuka feni ilikuwa inapeperusha vipande na hakuna aliyenyanyuka kuvikamata.

Tulivitenga vipande 26 vilivyofuata moja kwa moja neno langu. Sikuvitupa, kwa kuwa mtu akikubali jambo uliloliweka mbele yake, kukubali kwake nako ni habari. Lakini hakuthibitishi kwamba ndilo lililokuwa moyoni mwake. Vikabaki 15, na hivyo tukavisoma polepole. Mwalimu niliyempa alama M3 alisema: "Nafundisha kwa Kiingereza, nafahamisha kwa Kiswahili." M7 naye: "Ukishafundisha, ndo unaanza kufahamisha."

Kauli zote mbili nilikuwa nimeziwekea lebo ndogo ya "kuchanganya lugha". Wao hawakusema wanachanganya. Walikuwa wanaeleza kazi mbili zinazofuatana. M3 alinipa na mfano: anaandika ubaoni maana ya mvukizo kwa Kiingereza, watoto wanainakili, kisha anaweka chaki chini na kuwauliza kanga zilizoanikwa uwani zinakaukaje.

Nikaandika lebo mpya kwa maneno yao wenyewe, "kufundisha si kufahamisha", na nikalazimika kuzisoma nakala zote nane upya, maana lebo iliyozaliwa mwisho haijawahi kuulizwa kwa waliotangulia. Niliikuta kwa walimu watano. M6 aliikataa kabisa. Yeye hasemi Kiswahili darasani hata kidogo, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza. Nilishawishika kumweka kando, lakini dhamira isiyoweza kumbeba M6 ingekuwa pungufu.

"Lugha" ni mada tu, haidai kitu. Dhamira niliyoiandika mwishowe ilikuwa hii: mwalimu anafanya kazi mbili ndani ya kipindi kimoja, na moja tu ndiyo inayoonekana kwenye andalio la somo. Hata kukataa kwa M6 kunafahamika hapo: yeye ameamua kubaki na ile inayoandikwa. Na chini ya kila nukuu niliandika swali lililoizaa.

Kuwahoji upya sikuwa na muda. Nilichoweza ni kumrudia M3 skulini kwake, nikamsomea alichosema na nilichokifahamu. Aliridhia. Nikamweleza pia habari ya neno langu.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, usingeanza na changamoto, unadhani ningekwambia nini?"

Binti yangu ameomba ile kalamu. Nimemwambia wino wake umekauka zamani, na bahasha nimeirudisha pale pale.