Siku moja maishani mwangu: leo tunamtoa mama maji tumboni

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, zamu ya mchana. Leo nawapitisha kwenye siku ya mgonjwa mmoja, wengine nitawaruka mnisamehe.

Saa 1 asubuhi. Naingia wodini, wa usiku ananikabidhi, mama wa kitanda cha dirishani kalala amekaa usiku kucha, mito mitatu mgongoni. Ana saratani ya ovari. Tumbo limevimba tena, ngozi imevutika inang'aa, akilala chali pumzi inakata kwa sababu maji yanasukuma kiwambo juu mapafu yanakosa nafasi. Tulimtoa maji siku 12 zilizopita.

Saa 2. Nampa shikamoo, nampima. Presha 112 kwa 70, homa hana, nikimbonyeza tumbo kwa upole limekaza ila haumii sana. Hilo la homa na maumivu naliangalia kila mara, maana maji yakiingia bakteria mambo yanabadilika haraka, na hapo sampuli lazima iende maabara. Kajaribu kunywa chai, vijiko vitatu basi kashiba. Tumbo la chakula limebanwa.

Binti yake ananivuta pembeni, "Sista, kwani hamuwezi kumpa dawa za kukojoa yakatoka yote, mpaka mmtoboe tena?" Swali zuri na nalisikia kila wiki. Nikamwambia dada yangu, inategemea maji yanatoka wapi. Saratani ikijaa kwenye ini, damu inapata shida kupita, presha ya mishipa ya huko inapanda, maji yanavuja, hapo dawa ya kukojoa kama spironolaktoni inaweza kusaidia, wakati mwingine na furosemidi. Ila kwa mama saratani imesambaa kwenye ule utando unaofunika matumbo, utando wenyewe ndio unavuja na njia za kunyonya maji zimeziba, vidonge vya kukojoa vitamkausha mwili, presha ishuke na figo zilemewe, na tumbo libaki vilevile. Alishajaribiwa mwanzoni, akawa anapata kizunguzungu akisimama tu, daktari akasimamisha.

Saa 4. Kazi yenyewe. Kwanza anaenda kukojoa, kibofu kiwe kitupu. Daktari anapitisha ultrasaundi, anatafuta penye maji mengi na utumbo uko mbali, anaweka alama chini kushoto, pembeni, kukwepa mishipa mikubwa ya ukutani. Dawa ya kusafisha, ganzi, halafu anaivuta ngozi kidogo kabla ya kuingiza sindano ili tundu la ngozi na tundu la ndani yasikae mstari mmoja, maji yasipate njia ya kuvujia baadaye. Mama anasema ganzi ndiyo inauma kuliko yote. Katheta, mrija mwembamba, ikaingia, maji ya njano yenye wekundu kidogo yakaanza kushuka kwenye mfuko. Wekundu huo kwa saratani tunauona sana tu, binti alishtuka, nikamtuliza.

Saa 5 na nusu. Lita 3. Mama kanyamaza, jasho usoni, presha 88 kwa 50. Nikafunga klempu, nikashusha kichwa, nikainua miguu, nikaita daktari, drip ndogo ikawekwa. Baada ya dakika 20 ikarudi 104. Tukafungua tena, safari hii taratibu. Wengine wanataka liishe lote siku hiyohiyo, mimi siamini hivyo, tunatafuta pumzi na usingizi, tumbo kuwa bapa sio kipimo changu. Tulisimamia lita 4 na nusu.

Saa 8. Dawa. Metoklopramaidi nusu saa kabla ya kula, inausukuma mfuko wa chakula umwage kwenda chini, tulihakikisha kwanza utumbo haujaziba, ungekuwa umeziba ningeogopa kumpa, ingemletea msokoto. Na mofini ya maji, dozi ndogo, kwa maumivu ya mgongo na ile hali ya kukosa pumzi, pamoja na ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga tumbo na tumbo lenye maji halihitaji shida ya pili. Alikula nusu sahani. Binti alinionyesha sahani kama cheti cha shule.

Saa 10. Bandeji imelowa, na ngozi imevutwa vile bado pamevuja! Nikamlaza ubavu wa kulia tundu likae juu, haikutosha, nikabandika mfuko wa stoma, ule wa kunata kwenye ngozi, juu yake, ngozi ibaki kavu na maji yapimike.

Daktari akakaa nao. Maji yatarudi, wanajua. Kama yanarudi ndani ya wiki mbili mbili kuna mrija wa kudumu, unapita chini ya ngozi, wanafungua wenyewe nyumbani wanatoa kidogo kidogo, hatari yake ni kuingiza bakteria au kuziba. Mama akasema atafikiria, asiulizwe leo.

Saa 12 na nusu jioni, nakabidhi. Mfuko una mililita 150, presha 108, kalala kwa mto mmoja. Niliiacha miwili kwenye kiti.