Siku yangu ya kusoma picha za mlango wa kizazi, Bukavu

Saa mbili asubuhi. Nafungua picha zilizotumwa na wauguzi wa vituo vya afya, nikitafuta dalili zinazotangulia kansa. Kwa kila mama nataka angalau mbili: moja kabla ya kupaka asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, nyingine baada ya kungoja dakika nzima. Asidi hugandisha protini kwa muda, na penye seli nyingi zenye viini vikubwa hutokea weupe. Anayepiga picha haraka hupiga kabla weupe haujatoka.

Saa tatu. Mama wa miaka 36, weupe mahali patatu. Narudi kwanza kwenye picha ya kabla ya asidi. Doa dogo linalong'aa limo humo pia: ni taa ya simu iliyopiga kwenye ute. Yanabaki mawili. La chini ni jepesi, rangi ya waridi inapenya, na kingo zake hazishikiki. La juu ni zito, kingo zake zimekatika wazi, na limegusa mpaka ambapo ngozi ya waridi ya nje inakutana na ile nyekundu itokayo ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi. Mpaka huo ndio ninaoutafuta kila mara, kwa sababu vidonda vinavyotangulia kansa huanzia hapo.

Nampigia muuguzi.

"Mama, ulipiga nyingine baadaye?"

"Ndiyo, dakika ya tatu. Mtandao ndio ulikataa."

Inafika. Doa la chini limefifia, kama kawaida ya seli changa zinazobadilika bila ugonjwa. La juu limebaki vilevile. Naandika chanya. Kisha naangalia kama anaweza kutibiwa kwa joto: doa lote linaonekana, haliingii mferejini, halijafunika robo tatu ya mlango wa kizazi, hakuna mishipa ya ajabu wala nyama inayotoka damu ikiguswa. Anafaa. Ingekuwapo nyama ya namna hiyo, tusingechoma kitu. Angepelekwa kuchukuliwa kipande cha kupima kama ni kansa.

Saa sita. Mama wa miaka 52, picha safi, muuguzi ameandika hasi. Mimi sikubali. Baada ya hedhi kukoma, ule mpaka huvutwa ndani ya mfereji, na hapa sioni hata ukingo wake. Ninachoona ni ngozi ya nje tu. Kumwambia huyu mama "uko mzima" kwa picha hii ni kumdanganya, na jambo hili linaniuma kuliko picha zenye ukungu, maana hizo kila mtu anaona hazifai. Naandika: mpaka hauonekani, apimwe virusi vya HPV, vinavyoleta kansa hii, na aonwe na daktari wa wanawake.

Saa tisa. Picha mbili zimejaa damu na ute. Naomba zirudiwe baada ya kusafisha taratibu kwa pamba.

Saa kumi, ujumbe kutoka kituoni: mama wa miaka 36 ametibiwa leo leo. Miadi yake ya kupimwa tena ni baada ya miezi 12.