Kithai cha herufi 30: nilivyoingiza Kibindo kwenye Play Store ya Thailand

Aliyesema Kithai ni kifupi sijui alikitazama wapi. Nadhani aliona mabango barabarani akahesabu kwa macho. Ni jamaa wa kundi letu la WhatsApp la watengeneza programu, na ndiye aliyenipa ushauri mwingine wa kuniharibia kazi nitakaousimulia hapa chini. Mimi nina programu ya kuandika mapato na matumizi, jina lake Kibindo. Kaka yangu anauza vito Chanthaburi, Thailand, wateja wake Wathai wakaanza kumuuliza mbona haipo kwa lugha yao. Basi nikajitosa.

Google Play inakupa herufi 30 za jina la programu, 80 za maelezo mafupi na 4,000 za maelezo marefu. Hizo 4,000 hazina shida, hutazimaliza. Balaa liko kwenye 30. Zamani zilikuwa 50, zikapunguzwa mwaka 2021.

Nilimtafuta dada mmoja wa Chiang Mai, mhariri, nikamlipa kwa saa. Jumla haikufika bei ya simu ya bei nafuu, na ningemlipa mara mbili bila kinyongo. Tulikubaliana jina liwe hivi:

Kibindo: แอปบันทึกรายรับรายจ่าย

Maana yake ni programu ya kuandika mapato na matumizi. Hesabu kwa jicho, kila kisanduku kimoja: unapata 27. Nikabandika, Play Console ikagoma: 31. Hapo ndipo unapojua kwamba Kithai kinaandikwa kwa ghorofa. Irabu nyingine hukaa juu ya konsonanti, nyingine chini, na alama ya toni hupanda juu ya irabu. Jicho linaona nafasi moja, mashine inahesabu kila alama peke yake. Neno ที่ lina upana wa herufi moja lakini ni tatu. Hakikisha kwa Python:

```python
>>> len("ที่")
3
```

Jihadhari na lugha ya Swift, maana hiyo kwa neno hilohilo itakwambia 1, kwa sababu inahesabu kama jicho. Ukitegemea hesabu yake kupanga maelezo ya duka utaumbuka.

Nikaenda kundini kuomba msaada. Jamaa akaniambia niondoe zile alama za juu, "Wathai wenyewe wanaelewa tu." Nikamtumia dada yule รายจาย, yaani รายจ่าย bila kidoti chake cha toni. Alinijibu kwa emoji za kucheka mstari mzima, kisha akasema kwa upole kwamba programu ya pesa iliyokosea tahajia ya neno "matumizi" haitapakuliwa na mtu mwenye akili zake. Dawa ilikuwa rahisi: toa แอป. Mtu yupo dukani kutafuta programu, huna haja ya kumwambia kwamba hii ni programu. Herufi tatu zikaondoka, tukabaki na 28.

Ushauri wa pili wa jamaa ulikuwa tutumie nafasi mbili zilizobaki "kwa akili", na pasipotosha tufupishe kwingine tuweke ฟรี, yaani bure, au อันดับ 1, namba moja. Sera ya Play hairuhusu jina la programu libebe bei, ofa wala cheo, na emoji nazo marufuku. Sheria hiyo inahusu kila lugha. Kuandika kwa Kithai si kujificha kichakani. Kwenye maelezo mafupi pia nikaacha ดีที่สุด, "bora kuliko zote", na โหลดเลย, "pakua sasa", ambazo ukipitia programu za watu utaziona zimejaa tele. Sisi tuliandika inachofanya:

จดรายรับรายจ่ายง่ายๆ ดูสรุปได้ทุกเดือน ไม่ต้องใช้อินเทอร์เน็ต

Ni rahisi kuandika, unaona muhtasari kila mwezi, huhitaji intaneti. Imeingia ndani ya 80 na nafasi ikabaki. Kile kijialama ๆ cha kurudia neno, kwa kanuni rasmi huachiwa nafasi kabla yake, ila mitandaoni watu hukibana na neno. Tulikibana: tuliokoa herufi moja, na pia hakiwezi kuangukia peke yake mwanzo wa mstari.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda. Kurasa za ukaribisho za Kibindo, zile tatu za mwanzo zenye katuni, nilizitengeneza kwa injini ya michezo. Kithai hakiachi nafasi kati ya maneno. Nafasi hutenganisha vishazi. Simu yenyewe hutumia kamusi ya ndani kujua mstari ukatwe wapi, lakini injini ile haikuwa na kamusi. Iliona sentensi nzima kama neno moja refu ikaisukuma nje ya kioo. Dada akanifundisha kupachika U+200B mwisho wa kila neno: ni nafasi isiyo na upana, haionekani, lakini inaiambia injini "hapa unaruhusiwa kukata". Mistari ikakaa vizuri kabisa.

Siku ya kupandisha toleo, nikanakili jina kutoka kwenye jedwali letu la tafsiri na kulibandika. Console: 31. Nikafuta, nikabandika tena: 31. Nikahesabu kwa kidole, alama kwa alama, napata 28. Nikamshuku mhariri, nikakishuku kivinjari, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikalitia kwenye Python na kuliacha lijitaje lenyewe:

```python
>>> s
'Kibindo: บันทึก\u200bรายรับ\u200bรายจ่าย\u200b'
>>> len(s)
31
```

Wale watatu hao hapo! Jina lilinakiliwa kutoka safu ya ukurasa wa kwanza wa ukaribisho, likaja na wageni wake wasioonekana. Na ujue ya kwamba `strip()` haimwondoi huyo wa mwisho, maana Python haimhesabu kuwa nafasi. Lazima umfute kwa jina:

```python
s = s.replace("\u200b", "")
```

Lingekuwa jina fupi zaidi lingepita kimyakimya na herufi hizo ndani, nami nisingejua kamwe. Tangu hapo maandishi ya duka yana jedwali lake na ya kurasa za ndani yana lake.

Mambo ya ukaribisho hayakuishia hapo. Kitufe cha kuanza kimeandikwa เริ่มใช้งาน. Nilikuwa nimebana urefu wa mistari ili katuni ipate nafasi, na kidoti cha juu kabisa cha เริ่ม kikakatwa shingo. Mimi sikuona kitu, kwangu ilikuwa Kithai safi. Dada aliona papo hapo kwenye picha. Ukitaka kujipima bila kujua Kithai, andika ผู้ที่ kwenye kila mtindo wa maandishi ulio nao: ina alama chini, na juu ina mbili zilizopandana. Ikikatwa popote, ongeza urefu wa mstari. Mimi nilifika kama moja na nusu ya ukubwa wa herufi ndipo ikatulia. Na vitufe vyenyewe mwachie mhariri avifupishe. Rasimu ya kwanza, ya mtu mwingine, ilimalizia kila sentensi kwa ครับ, neno la adabu la mwanaume, hadi kwenye kitufe cha "ruka". Dada aliyafuta yote, akaacha ข้าม tupu, na neno likaenea kwenye kitufe.

Tafsiri sasa zinakaa `fastlane/metadata/android/th/`, faili moja la jina, moja la maelezo mafupi, moja la marefu, na kabla ya kupandisha kuna skripti inayohesabu 30, 80 na 4,000 na kukataa faili lolote lenye `\u200b`. Jamaa wa WhatsApp ameniomba nimpe. Nimempa, ila nimemwachia afute ฟรี zake mwenyewe.