Kipandauso na skrini: nilivyoipanga simu na kompyuta yangu

Kipandauso changu huanzia nyuma ya jicho la kushoto, na kabla hakijapanda, mwanga huwa umeshaanza kuniuma. Ukuta uliopakwa chokaa saa saba mchana unauma, karatasi nyeupe inauma, na skrini inauma kuliko vyote, kwa sababu ni taa ninayoikodolea macho kutwa. Mimi ni karani katika ofisi ya kliaringi hapa Mombasa. Siku nzima ni fomu za forodha, barua pepe za wateja na majedwali ya Excel, na nikitoka kazini simu inaendelea kulia. Kuacha skrini siwezi. Nilichoweza ni kuipanga upya.

Niseme mapema kwamba daktari alinipima, akathibitisha ni kipandauso, akaniandikia dawa. Mipangilio ya skrini haichukui nafasi ya hayo. Tena kichwa kinachopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuhisi, au kinachokuja na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hicho ni cha kukimbiziwa hospitali, si cha kurekebishiwa simu.

Ushauri unaopewa na kila mtu ni mmoja: shusha mwangaza mpaka chini. Kwenye simu yangu ushauri huo haukunifaa. Usiku, mwangaza ukiwa chini kabisa, nilikuwa nikisoma ujumbe kwa muda mfupi tu kisha jicho linaanza kuvuta na kichefuchefu kinanyemelea, ilhali skrini imefifia kiasi kwamba mwenzangu hawezi kuisoma. Jibu nilipewa na mtoto wa kakangu, fundi wa simu pale Mwembe Tayari. “Shangazi, hebu nipe hiyo simu,” akaniambia. Akafungua kamera ya simu yake kwenye hali ya Pro, akaweka kasi ya kupiga picha 1/2000 ya sekunde, akailenga skrini yangu ikiwa nyeupe tupu. Kwenye kioo chake nikaona michirizi minene myeusi ikipita juu ya weupe. Akapandisha mwangaza wa simu yangu taratibu, na michirizi ikawa inakonda, mpaka kupita nusu ikabaki mistari hafifu.

Maana yake ni hii. Skrini nyingi za OLED, kama ya simu yangu, ukizishushia mwangaza, hazitoi mwanga mdogo wa kudumu. Zinawaka na kuzima haraka haraka, mara 240 kwa sekunde katika simu nyingi, na kadiri unavyoshusha ndivyo kipindi cha kuzima kinavyorefuka. Jicho linaona ufifi tu, lakini wapo watu, na wenye kipandauso ni miongoni mwao, ambao kumetameta huko kunawachosha hata wasipokuona. Si kila simu iko hivyo. Nyingine humetameta kwa kasi kubwa zaidi, isiyosumbua sana, na nyingine zina kitufe kiitwacho DC dimming ambacho hupunguza tatizo. Usiponayo kamera ya kupima, ingia chumba chenye giza, fungua ukurasa mweupe, kisha pitisha kalamu haraka mbele ya skrini ukiiyumbisha kushoto na kulia. Ukiona kivuli kimoja kilichotandaa, salama. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana, skrini inametameta.

Basi dawa ya simu yangu ikawa kinyume cha ushauri wa watu: mwangaza halisi unabaki juu, karibu asilimia 60, na ufifi unaletwa na programu. Tangu Android 12 kuna kipengele kiitwacho Extra dim ndani ya Accessibility. Ukiandika jina hilo kwenye sehemu ya kutafutia ya mipangilio kinatokea chenyewe. Kinapunguza ukali wa kila rangi kabla haijafika kwenye skrini, bila kugusa ule mwangaza wa chini yake. Kuna kitelezi cha Intensity, na kuna sehemu ya kukiruhusu kibaki hata simu ikizimwa na kuwashwa. Nilizima pia mwangaza wa kujirekebisha wenyewe, kwa sababu ndio uliokuwa ukiishusha skrini kila nikiingia gizani. Wenye iPhone wana kitu cha aina hiyo kwenye Display & Text Size, kinaitwa Reduce White Point.

Mamangu ana simu ya zamani isiyo na Extra dim, kwa hiyo yake nilimwekea programu ya Twilight, inayotandaza utando wa giza na rangi juu ya kila kitu. Inafanya kazi vizuri, ila utando ni kitu kilicho juu ya skrini, na mfumo wa simu huutilia shaka kwa kuwa matapeli hutumia tando za namna hiyo kuficha vitufe. Kuanzia Android 12, utando wa programu ya kawaida ukizidi giza la asilimia 80 mguso haupiti, na hata kwenye simu za nyuma baadhi ya programu za benki hugoma kupokea mguso. Mtu akilalamika kwamba kitufe cha kutuma pesa kimekufa, aanze kwa kuusimamisha utando.

Kiasi cha ufifi ndicho kilichonichukua muda kukipata. Skrini ikiwa na giza kuliko chumba, unakunja uso na kukaza macho, na huko nako ni kuumiza kichwa. Kipimo ninachotumia ni karatasi: naishika karatasi nyeupe pembeni mwa skrini yenye ukurasa mweupe. Skrini iking’aa kama taa kuliko karatasi, napunguza. Ikionekana kijivu kuliko karatasi, naongeza. Kwa hiyo sina namba moja ya Intensity. Ofisini mchana ni ndogo, chumbani usiku ni kubwa, na nikiwa nje juani, kwenye foleni ya feri Likoni, Extra dim naizima kabisa kwa kitufe cha juu cha haraka. Miwani myeusi ndani ya nyumba nimeiacha pia, kwa sababu macho yakizoezwa giza, mwanga wa kawaida huzidi kuwa mkali.

Kompyuta ya ofisini ni laptop ya kawaida ya LCD, nayo ilipopimwa kwa kamera ikaonyesha michirizi kila mwangaza ulipokuwa chini ya juu kabisa. Hapo nikaweka mwangaza wa mashine asilimia 100 na kuufifisha kwa programu ya f.lux, ambayo hushusha kwa Alt na PgDn na kupandisha kwa Alt na PgUp. Gharama yake ni betri, maana taa ya nyuma inawaka yote. Na hapa kwetu stima ikipotea ndipo jambo jingine linapojitokeza: Windows ikiingia kwenye hali ya kubana betri hushusha mwangaza yenyewe, na kumetameta kunarudi bila wewe kujua. Kwenye mipangilio ya betri kuna kisanduku cha Lower screen brightness, kiondoe alama. Na kwenye Display, kama mashine yako ina Change brightness based on content, iweke Off, la sivyo kila ukifungua ukurasa mweupe baada ya mweusi mwanga utakuwa unapanda na kushuka mbele ya macho yako.

Rangi nimeitendea kwa kiasi. Joto la rangi hupimwa kwa kelvin, yaani K, na namba ikishuka rangi huzidi kuwa ya manjano. Skrini ya kawaida huwa karibu 6500K, nyeupe yenye ubuluu. Nimeishusha hadi kama 4000K mchana na 3000K usiku, mwanga unaokaribia wa balbu ya zamani ya waya. Ratiba ya kufuata machweo sikuitaka, kwani kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na macho yangu huumia zaidi mchana. Kwa hiyo rangi hiyo inakaa wakati wote. Lakini sikuifanya skrini kuwa ya machungwa kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Boston, Rodrigo Noseda na Rami Burstein pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwaangazia wagonjwa taa za rangi mbalimbali wakiwa katikati ya kipandauso. Buluu iliongeza maumivu, lakini nyekundu na ile ya manjano-machungwa nazo ziliongeza. Kijani ndiyo iliyouma kidogo kuliko zote. Kwangu joto la rangi linasaidia kwa sababu linaondoa ule ubuluu mkali, na nikilizidisha faida inapotea.

Kilichobaki ni ukali wa maandishi dhidi ya mandhari yake. Weusi kamili juu ya weupe kamili ni uwiano wa mwanga wa 21:1, na nikisoma kwa muda, mistari huanza kucheza na nikifumba macho inabaki imeandikwa gizani. Hali ya giza, yaani maandishi meupe juu ya weusi, wengi wanaisifu, lakini uwiano wake ni uleule na herufi zinanivujia mwanga pembeni. Nikachagua katikati: mandhari ya rangi ya mchanga, yenye msimbo #E8DCC0, na maandishi ya kahawia iliyokolea, #4A4036. Uwiano wake ni kama 7.4:1, bado juu ya 4.5:1 unaotakiwa ili maandishi ya kawaida yasomeke bila tabu. Firefox inakuruhusu kuweka rangi hizo kwenye mipangilio yake na kuzilazimisha juu ya tovuti zote. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya kurasa hupoteza vitufe vilivyochorwa kwa picha, na hapo narudisha rangi za tovuti kwa muda, namaliza fomu, kisha naondoa tena.

Excel nayo ina lake. Mistari sambamba iliyobanana ni kichochezi kwa wengi wetu, na jedwali lenye gridi na safu zinazopishana rangi ni mistari mitupu. Kwenye View niliondoa alama ya Gridlines, nikaacha mstari mmoja mwembamba wa kijivu kila baada ya safu tano, na nikaongeza kimo cha safu. Mwenzangu wa ofisini, asiyeumwa kichwa, sasa huniomba nakala zangu kwa sababu tarakimu za kontena hazimpotei.

Kwenye daftari langu, ambamo huandika saa ya kuanza, nilichokuwa nikifanya na usingizi wa jana yake, vipandauso vya alasiri vilivyokuwa vikija baada ya kukaa kwenye kompyuta vimepungua waziwazi. Vile vya kukosa usingizi, vya kuchelewa kula na vya siku zangu za mwezi havijaguswa. Na kikishapanda, hakuna mpangilio utakaokishusha: hapo nameza dawa mapema kama nilivyoelekezwa, nafunika skrini, na mwenzangu ananisomea namba za mizigo kwa sauti ya chini mpaka nipate gari la kwenda nyumbani. Gari lenyewe nachagua. Matatu zenye taa za kumetameta ndani siziingii jioni, nasubiri tuktuk.