Yeni ilivyonilazimisha kuacha kusubiri bei irudi

Mwaka 2021 nilikuwa nafanya biashara ya sarafu kwa mtindo mmoja tu: bei ikipanda kupita kiasi nauza, ikishuka kupita kiasi nanunua, kisha naisubiri irudi kwenye wastani wake. Nilikuwa kwenye EUR/GBP, yaani bei ya euro kwa pauni. Kuanzia Mei hadi Oktoba mwaka ule bei yake ilizunguka kati ya 0.84 na 0.87, ikigusa juu inarudi, ikigusa chini inarudi. Kati ya oda 21 nilizofungua, 17 zilifunga kwa faida, na akaunti ikakua kwa asilimia 9. Niliamini nimeijua kazi.

Machi 2022 nikauhamishia mtindo uleule USD/JPY, bei ya dola kwa yeni. Dola ilipofika yeni 118, RSI ya siku 14, namba inayoonyesha bei imekwenda mbali kiasi gani, ikiwa juu ya 70, yaani imepanda kupita kiasi, nikauza. Ikafika 120, nikauza tena, maana kwa fikra zangu kama 118 ilikuwa ghali, 120 ilikuwa ghali zaidi. Nikaongeza oda ya tatu kwenye 122. Tarehe 28 Machi bei ikagusa 125 na nikafunga zote tatu. Asilimia 14 ya akaunti ikaondoka. Kilichoniuma ni kwamba siku tatu baadaye bei ilishuka chini ya 122, nikajilaumu kwa kukosa subira. Lakini mwisho wa Aprili ilikuwa 131, na Oktoba ikakaribia 152. Ile subira ingenimaliza kabisa.

Nilichukua muda kuelewa kwamba RSI haikunidanganya. Ilisema bei imekwenda mbali, na kweli ilikuwa imekwenda mbali. Anayesubiri bei irudi huliona hilo kama kosa ambalo soko litalisahihisha. Anayefuata mwelekeo huliona kama habari: kuna jambo limebadilika na wengi bado hawajamaliza kununua. Hauwezi kujua nani yuko sahihi kwa kutazama umbali peke yake. Lazima uulize kama ule wastani unaousubiri bado upo mahali pake.

Kwa yeni haukuwepo. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi ileile, na kufikia Desemba ilikuwa kati ya asilimia 4.25 na 4.5. Benki Kuu ya Japani ilibaki kwenye hasi 0.1. Aliyeshika dola alilipwa, aliyeshika yeni hakulipwa, na pengo likazidi kupanuka kila baada ya wiki chache. Euro na pauni za 2021 zilikuwa tofauti: riba za pande zote mbili zilikuwa chini na zimetulia, kwa hiyo hakukuwa na nguvu ya kudumu ya kuivuta bei upande mmoja.

Sasa kabla ya kufungua oda napiga hesabu moja. Nachukua umbali kati ya bei ya leo na ya siku 20 zilizopita, naugawa kwa jumla ya mabadiliko ya kila siku ndani ya siku hizo, bila kujali kupanda au kushuka. Tuseme bei imesogea yeni 8 na jumla ya mabadiliko ni 12: jibu ni 0.67, soko linatembea kwa njia iliyonyooka. Ikiwa imesogea 0.002 na jumla ni 0.06, jibu ni 0.03, linazunguka palepale. Chini ya 0.2 nasubiri bei irudi. Juu ya 0.4 nafuata mwelekeo. Katikati sifanyi kitu, na siku za namna hiyo ni nyingi. Kipimo hiki huchelewa, kwa sababu kinatazama nyuma, ndiyo maana natazama na riba pia.

Kufuata mwelekeo kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nanunua bei ikivuka kilele cha siku 20, natoka ikivunja bonde la siku 10. Oda nyingi hufa kwa hasara ndogo, tatu au nne mfululizo. Mwishoni mwa Agosti 2022 niliingia USD/JPY karibu na 138 na bei ikafika karibu 146. Tarehe 22 Septemba serikali ya Japani ikaingia sokoni kununua yeni, mara ya kwanza tangu 1998, na bei ikaporomoka ndani ya saa chache. Nilitolewa kama 141.5, zaidi ya nusu ya faida imerudi sokoni. Zamani ningekuwa nimechukua faida kwenye 139 na kufurahi. Ile yeni tatu na nusu iliyobaki ililipa hasara nne ndogo za kabla yake, na ikabakiza.

Jambo moja nimelikataza kabisa: kuongeza oda kwenye biashara inayopoteza. Siku kipimo kinapovuka 0.4 huku nasubiri bei irudi, nafunga siku hiyohiyo, hata kama naona itarudi kesho.